Mwongozo wa kusahihishia uko kwenye picha: uuhamishie kwenye rubriki ya aina gani?

Picha ya mwongozo wa kusahihishia ikishafika kwenye simu, mwalimu huwa na maamuzi mawili mbele yake. La kwanza ni namna ya kuyatoa maandishi kwenye picha: ayachape mwenyewe, au aiachie programu iyasome. La pili ni sura ya rubriki, yaani jedwali la kusahihishia lenyewe: liwe na vigezo vingapi na viwango vingapi, na alama zikae wapi. Wengi humaliza nguvu zao kwenye uamuzi wa kwanza kwa sababu ndio unaoonekana kuwa kazi. Nitayalinganisha yote mawili, lakini uamuzi wa pili ndio nitakaoukalia zaidi, maana ndio unaoamua kama mtahiniwa yuleyule, kwa jibu lilelile, atapata alama zilezile baada ya mwongozo kugeuzwa. Hicho ndicho kipimo changu katika ulinganisho huu wote. Rubriki ikibadilisha alama ambazo mwongozo ungempa mtu, imeshindwa kazi yake hata kama inapendeza macho.

Nitatumia mwongozo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho ili tusizungumze hewani. Chukulia kwamba picha inaonyesha haya:

```
Swali la 3 (alama 20)
Utangulizi: maana ✓1  mfano ✓1                 (2)
   kuondolewa kwa udongo wa juu na maji/upepo
Sababu za mmomonyoko: zozote 4 @ 2             (8)
   - kukata miti / kufyeka misitu
   - kulima mteremkoni bila matuta
   - kulisha mifugo wengi mahali pamoja
   - mvua kubwa kwenye udongo ulio wazi
   - upepo mkali
   - kuchimba mchanga
   (kutaja 1, kufafanua 1)
Njia za kuzuia: zozote 3 @ 2                   (6)
   (kutaja 1, jinsi inavyozuia 1)
Hitimisho                                      (2)
Mpangilio na lugha                             (2)
```

Kwenye picha yenyewe, maneno "udongo wa juu" yamepigwa mstari chini. Kumbuka mstari huo, tutaurudia.

Kuchapa kwa mkono au kusomesha picha

Kwa ukurasa mmoja wa namna hii, kuchapa kwa mkono ni njia nzuri kuliko inavyodhaniwa. Unapochapa unalazimika kusoma kila mstari, na unaposoma ndipo unapogundua kwamba "zozote 4 @ 2" maana yake ni hoja nne tu kati ya sita zilizoorodheshwa, kila moja alama mbili. Anayepata maandishi tayari kutoka kwenye programu huwa hajakutana na mstari huo kwa macho yake, hivyo huendelea kuujengea jedwali bila kuuelewa.

Kusomesha picha kunaanza kulipa pale mwongozo unapokuwa wa kurasa nyingi zilizochapwa kwa mashine, na hasa sehemu zenye orodha ndefu za majibu yanayokubalika. Njia iliyo karibu na wengi ni kupakia picha kwenye Google Drive na kuifungua kwa Google Docs. Maandishi hutoka, lakini safu wima na majedwali kwa kawaida hayatoki yakiwa yamepangwa. Alama zilizokuwa pembeni kulia zinaweza kujikuta chini ya mistari isiyo yake, au zimerundikana mwishoni mwa ukurasa. Excel nayo ina chaguo la `Data from Picture`, ambalo hujaribu kuziweka safu mahali pake na kukuonyesha visanduku inavyovitilia shaka kabla hujavikubali. Mwongozo wako ukiwa tayari ni jedwali lenye mistari iliyochorwa, anzia hapo kuliko kwenye Docs.

Njia ya tatu ni Tesseract, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Jambo hilo lina uzito pale mwongozo unapokuwa wa mtihani ambao bado haujafanyika. Karatasi ya siri haifai kupakiwa kwenye huduma ya mtandaoni kwa sababu tu ya kuokoa muda wa kuchapa. Amri yake ni fupi:

```
tesseract ukurasa.png ukurasa -l swa --psm 6 -c preserve_interword_spaces=1
```

Sehemu ya `swa` inaiambia isome kwa Kiswahili, na data ya lugha hiyo lazima iwe imesakinishwa. `--psm 6` inaiambia iuchukulie ukurasa kama bonge moja la maandishi, na kipande cha mwisho kinahifadhi nafasi pana kati ya maneno ili alama za pembeni zibaki kwenye mstari wake. Matokeo yanaandikwa kwenye faili la `ukurasa.txt`. Inahitaji picha yenye ubora wa takriban nukta 300 kwa inchi, iliyonyooka na isiyo na kivuli cha mkono. Mwandiko wa mkono usiipe, haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Mwongozo uliochapwa kisha ukaongezewa alama kwa kalamu unahitaji njia mbili kwa pamoja: programu isome kilichochapwa, wewe uongeze kwa mkono kilichoandikwa na kalamu.

Kosa la programu kwenye neno la kawaida halinitishi, kwa kuwa "mitl" badala ya "miti" linajionyesha lenyewe. Kosa baya ni lile linaloacha kitu chenye maana nyingine. Alama ya ✓1 inaweza kusomwa kama V1, na wakati mwingine kama 11. Nusu, yaani ½, inaweza kutoka kama % au Y2, au kama 12, na hiyo ya mwisho haishtui jicho hata kidogo. Alama ya @ hugeuka Q au mabano. Mkwaju unaotenganisha majibu mbadala, kama katika "maji/upepo", huweza kuwa herufi l au namba 1. Halafu kuna kile kisichotoka kabisa, nacho ni mstari chini ya maneno. Katika miongozo mingi neno lililopigwa mstari ni la lazima, kwa hiyo anayeandika "kuondolewa kwa udongo na maji" bila kusema ni wa juu hapati alama ya maana. Maandishi yaliyotolewa kwenye picha hayabebi habari hiyo, na rubriki itakayojengwa juu yake itakuwa laini kuliko mwongozo.

Namna ya kugundua makosa ya namba ni kujumlisha mara mbili. Kwanza jumlisha ndani ya kila fungu na ulinganishe na namba iliyo kwenye mabano: 1 na 1 ni 2, 4 mara 2 ni 8, 3 mara 2 ni 6. Kisha jumlisha mabano yote: 2, 8, 6, 2 na 2 ni 20. Jumla ya mwisho peke yake haitoshi, kwani makosa mawili yanaweza kufidiana. Kwa kosa la mstari hakuna hesabu itakayokusaidia, inabidi uiweke picha kando ya maandishi na kutafuta mistari, mabano na duara kwa macho.

Uamuzi wangu hapa ni mwepesi. Mwongozo wa ukurasa mmoja au miwili, chapa. Mrefu kuliko hapo na uliochapwa vizuri, isomeshe programu, kisha uihakiki kwa jumla mbili na kwa jicho.

Jedwali la hoja, jedwali la viwango, au viwango vilivyogawanywa

Sasa tuna maandishi safi. Hapa ndipo njia zinapoachana, na nitazilinganisha tatu.

Njia ya kwanza ni jedwali la hoja. Kila alama ya mwongozo inapewa mstari wake na sharti lake: ametaja sababu ya kwanza, 1, ameifafanua, 1, ametaja ya pili, 1, na kuendelea. Huu kwa kweli ni mwongozo uleule uliovikwa mistari. Alama hazibadiliki hata moja, na hilo ni jema lake kubwa. Ubaya wake ni kwamba hauna maelezo ya viwango. Mwanafunzi akirudishiwa karatasi anaona alama za vema na nafasi tupu, lakini haoni anasimama wapi wala hatua inayofuata ni ipi. Njia hii pia inamponza anayeijenga haraka kutoka kwenye maandishi ya programu. Kila mstari wa picha unakuwa mstari wa jedwali, kwa hiyo sababu sita zinakuwa vigezo sita, na jedwali linaanza kudai hoja sita pale mwongozo ulipodai nne. Orodha ya majibu yanayokubalika ni mifano kwa ajili ya msahihishaji. Mahali pake ni chini ya jedwali, au kwenye ukurasa wake wenyewe.

Njia ya pili ndiyo inayotumika mara nyingi. Kila fungu la mwongozo linakuwa kigezo kimoja, na kigezo kinapewa viwango vinne. Fungu la sababu, lenye alama 8, hutokea hivi: 7–8, ametaja sababu nne na kuzifafanua kikamilifu, 5–6, ametaja sababu tatu na kuzifafanua kwa kiasi, 3–4, ametaja sababu mbili zenye ufafanuzi hafifu, 0–2, ametaja sababu moja au hakutaja. Ukilisoma jedwali hilo linateleza vizuri. Ukisahihisha nalo linaanza kukwama, na sababu inaonekana ukilipa majibu matatu.

Jibu la kwanza limetaja sababu nne na halikufafanua hata moja. Kwa mwongozo wa picha linapata 4. Jibu la pili limetaja sababu mbili tu na kuzifafanua zote vizuri, nalo pia linapata 4. Jibu la tatu limetaja tatu na kufafanua mbili, linapata 5. Sasa liweke jibu la kwanza kwenye jedwali la viwango vinne. Kwa idadi ya sababu liko juu kabisa, kwa ufafanuzi liko chini kabisa. Msahihishaji anayetazama idadi ataliweka 7–8, anayetazama ufafanuzi ataliweka 0–2, na wote wawili watakuwa wamelifuata jedwali. Jibu la pili nalo linaangukia 3–4 kwa idadi, ilhali maneno ya kiwango hicho yanasema "ufafanuzi hafifu", jambo ambalo si kweli juu yake. Kilichotokea ni kwamba mwongozo ulikuwa ukijumlisha vitu viwili tofauti, kutaja na kufafanua, na jedwali likavifunga kwenye sentensi moja kana kwamba vinapanda na kushuka pamoja. Havipandi pamoja. Kuna watahiniwa wengi wenye orodha ndefu zisizo na maelezo, na kuna wengine wenye hoja chache zilizochimbwa hadi mzizi.

Njia ya tatu inaanzia hapo. Kabla ya kuandika kiwango chochote, unagawanya fungu kufuata kile mwongozo ulichokilipia. Mabano ya "kutaja 1, kufafanua 1" ndiyo yanayokuongoza. Alama 8 za sababu zinakuwa kigezo cha kutaja chenye 4 na kigezo cha kufafanua chenye 4. Alama 6 za njia za kuzuia zinakuwa 3 na 3. Vigezo sasa ni saba, na jumla yake ni 2 + 4 + 4 + 3 + 3 + 2 + 2, yaani 20 zilezile. Majibu yetu matatu yanapata 4 na 0, 2 na 2, 3 na 2. Jumla hazijabadilika, na mwanafunzi wa kwanza na wa pili, ambao kwenye mwongozo walionekana sawa, sasa kila mmoja anaona kilichompungukia.

Sehemu ya jedwali hilo inakaa hivi:

| Kigezo | Alama | Kiwango cha juu | Kiwango cha kati | Kiwango cha chini | Hakuna |
|---|---|---|---|---|---|
| Maana na mfano | 2 | 2: maana inataja udongo wa juu na kinachouondoa, mfano upo | 1: maana au mfano, kimojawapo tu | – | 0 |
| Kutaja sababu | 4 | 4: sababu nne tofauti | 2–3: sababu mbili (2) au tatu (3) | 1: sababu moja | 0 |
| Kufafanua sababu | 4 | 4: kila moja kati ya nne inaonyesha jinsi inavyosababisha udongo kuondoka | 2–3: mbili (2) au tatu (3) zimeonyeshwa hivyo | 1: moja tu | 0 |
| Hitimisho | 2 | 2: linaunganisha angalau sababu moja na njia moja ya kuzuia | 1: linafunga bila kuunganisha | – | 0 |

Njia hii ina gharama yake. Katika mwongozo, alama ya kufafanua ilikuwa imefungwa kwenye hoja iliyotajwa. Ukizitenganisha, msahihishaji anaweza kumpa mtu alama ya ufafanuzi wa sababu ambayo haikukubaliwa kuwa sababu. Kwa hiyo chini ya jedwali lazima kuwe na sentensi hii: ufafanuzi unahesabiwa tu kwa sababu iliyopata alama ya kutajwa. Sentensi hiyo inakupa pia njia rahisi ya kukagua karatasi zilizokwisha kusahihishwa, kwa maana alama za kufafanua haziwezi kuzidi za kutaja. Ukikuta karatasi yenye 2 za kutaja na 3 za kufafanua, imesahihishwa vibaya na huhitaji hata kulisoma jibu kujua hivyo.

Jambo jingine la kuandika chini ya jedwali ni nini kifanyike mtahiniwa akitaja sababu sita. Mwongozo unaposema "zozote 4" hausemi kama zinasahihishwa nne za kwanza au nne bora. Tofauti si ndogo. Aliyeanza na mbili zisizo sahihi kisha akaandika nne sahihi atapata 2 kwa kutaja kwa kanuni ya kwanza, na 4 kwa ya pili. Usiamue mwenyewe, muulize aliyeutunga mwongozo, kisha uandike jibu lake.

Viwango vingapi, na sifuri ikae wapi

Wengi huanza na fomu yenye safu nne zilizokwisha chorwa na kulazimisha kila kigezo kizijaze. Angalia kinachotokea kwa kigezo cha alama 2. Kina matokeo matatu tu yanayowezekana: 2, 1 na 0. Ukikipa viwango vinne, ama utabuni nusu ambazo mwongozo hauzijui, ama viwango viwili vitakuwa na alama moja na maneno tofauti, na hapo wasahihishaji watabishana juu ya maneno yasiyobadilisha chochote. Kuacha kisanduku kitupu, kama nilivyofanya kwenye mistari miwili ya jedwali hapo juu, ni uaminifu zaidi kuliko kukijaza.

Hatari kubwa iko kwenye fomu zinazopima kwa 4, 3, 2, 1 kisha kuzidisha kwa uzito wa kigezo. Kipimo hicho hakina sifuri. Kigezo cha alama 2 kinatoa 2, 1.5, 1 na 0.5, cha alama 4 kinatoa 4, 3, 2 na 1. Mtahiniwa aliyewekwa kiwango cha chini kwenye vigezo vyote saba anapata robo ya 20, yaani alama 5, hata kama alichoandika hakikustahili alama yoyote kwenye mwongozo. Wenye kupita kwa shida na wenye kuanguka kwa shida wako eneo hilohilo la chini, kwa hiyo si kasoro ya kupuuza. Ukilazimika kutumia fomu ya namna hiyo, ongeza safu ya 0 kwa kila kigezo kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu masafa kama 2–3 ndani ya kiwango kimoja, msimamo wangu ni huu: yatumie pale tu maneno yanaposema ni lini 2 na ni lini 3. "2–3: sababu mbili (2) au tatu (3)" halina utata. "5–6: ufafanuzi mzuri kwa kiasi" linamwachia msahihishaji achague alama kwa hisia.

Maneno ya viwango yatoke wapi

Mwongozo wa picha kwa kawaida una maneno machache sana. Kwa sababu na njia umetuambia vya kutosha. Kwa hitimisho umetupa namba 2 na kimya. Anayejenga jedwali analazimika kuandika mwenyewe nini kinastahili 2 na nini 1, na hapo anageuka kuwa mtunzi bila kujua. Sentensi niliyoiweka kwenye jedwali, ile ya kuunganisha sababu na njia, haimo kwenye picha. Ni pendekezo. Ndiyo maana ninashauri kila neno ambalo halina asili kwenye picha liandikwe kwa rangi tofauti hadi mwenye mwongozo alipitishe. Mwenye mwongozo akifungua jedwali anaona mara moja alichokisema yeye na alichosemewa.

Zoezi hilo la rangi huanika pia vigezo vilivyoingia kwa mlango wa nyuma. Mtu huandika "anaeleza kwa ubunifu" au "kwa mwandiko nadhifu" kwa sababu maneno hayo yamezoeleka kwenye rubriki. Mwongozo wetu haulipii ubunifu wala mwandiko. Maneno hayo yakibaki, mtahiniwa mwenye majibu yote sahihi atazuiwa kufika kiwango cha juu kwa jambo ambalo hakuambiwa.

Kwa vigezo vya kuhesabu, kama kutaja, maelezo ya kiwango yawe namba na nomino, basi. Kwa vigezo vya ubora andika kinachoonekana kwenye karatasi. "Kufafanua vizuri" haionekani. "Anaonyesha jinsi inavyosababisha udongo kuondoka" inaonekana. Anayeandika "kukata miti huharibu mazingira" ametaja tu. Anayeandika "miti ikikatwa mizizi haishiki udongo tena, mvua inaubeba" amefafanua. Mifano miwili ya namna hii, iliyowekwa chini ya jedwali, inafanya kazi kuliko vivumishi kumi vilivyopangwa kuanzia "bora sana" hadi "dhaifu".

Mpangilio na lugha, alama 2, ni kigezo ninachokiona kikiharibiwa zaidi. Kimebeba vitu viwili, na kishawishi ni kukigawanya 1 na 1 kama tulivyofanya kwa sababu. Lakini picha haisemi kwamba ndivyo alama zilivyogawanyika. Pale hakukuwa na mabano. Kiache kizima, na maneno ya 2, 1 na 0 uyaandike baada ya kumuuliza mwenye mwongozo. Kanuni ya kugawanya inafuata mwongozo, haifuati kiunganishi "na".

Upi kwa nani

Jedwali la hoja ndilo chaguo langu kwa hesabu na kwa kila swali ambalo alama zake zinafuatana kama mnyororo. Swali la hesabu la alama 3 lenye alama 2 za njia na 1 ya jibu halifaidiki na viwango. Anayekosea kujumlisha katikati lakini akaendelea na njia sahihi kwa namba yake yenye kosa hupewa alama za njia katika miongozo mingi, na maelezo kama "ana uelewa wa kiasi" hayawezi kuibeba kanuni hiyo. Vivyo hivyo kwa maswali mafupi ya alama moja moja. Kuyatengenezea viwango ni kupoteza karatasi.

Viwango vilivyogawanywa nimevichagua kwa insha, ripoti za majaribio, majibu marefu ya jiografia, historia na biolojia, yaani popote mwongozo unapolipa idadi na kina kwa pamoja, na hasa pale mwanafunzi atakaporudishiwa jedwali ili ajifunze nalo. Vinachukua muda zaidi kuandaa kwa sababu ya vigezo vingi, lakini kusahihisha kunakuwa kwepesi kwani kila kigezo kinauliza swali moja tu.

Jedwali la viwango vinne kwa fungu zima ninalipa nafasi moja. Ni pale mwongozo wenyewe ulipoandikwa hivyo tangu mwanzo, kwa mfano insha ya ubunifu ambapo picha inaonyesha masafa ya alama na maelezo yake bila kuhesabu hoja. Hapo kazi yako ni kunakili kwa uaminifu, na kugawanya kutaharibu.

Vyovyote utakavyochagua, tafuta karatasi kadhaa zilizokwisha kusahihishwa kwa mwongozo wa zamani, zikiwemo ya juu, ya chini na mbili za katikati zenye jumla sawa lakini majibu yasiyofanana. Funika alama zake na mpe mwenzako azisahihishe kwa jedwali jipya. Jumla zikitofautiana, usiangalie jumla, angalia ni kigezo gani kilichotofautiana. Tofauti ikiwa kwenye kutaja, huenda namba ilisomwa vibaya kutoka kwenye picha au "zozote 4" imepotea. Ikiwa kwenye kufafanua, maneno ya kiwango hayaonyeshi kitu kinachoonekana. Ikiwa kwenye hitimisho au lugha, ni yale maneno ya rangi tofauti, na anayeweza kuyamaliza ni aliyetunga mwongozo.